Sabuni Iliyoombwa Kunywewa

Mtoto wa mpangaji wa chumba cha mwisho ana miaka mitatu na hajui herufi hata moja. Ndiye mhakiki wa kwanza wa kazi yangu. Jumamosi moja asubuhi alisimama mbele ya bango nililomtengenezea shangazi, lililobandikwa kwenye mlango wa stoo. Akalitazama kwa muda mrefu, kisha akanyoosha kidole na kusema, "Juisi. Nataka."

Bango lilikuwa la sabuni ya maji.

Shangazi alicheka, mimi nikacheka, mama wa mtoto akacheka kutoka jikoni. Kisha shangazi akaacha kucheka kabla yetu. Alikuwa anatazama chini ya bango, pale kwenye sakafu, ambapo chupa sita zilikuwa zimepangwa zikisubiri wateja: chupa za maji ya kunywa za lita moja na nusu, zimeoshwa, zimetolewa lebo, zimejazwa sabuni ya kijani na ya njano. Mtoto alikuwa ameshaondoka kwenye picha na sasa anaielekea chupa. Shangazi akaziokota zote kwa mikupuo miwili, akaziingiza ndani na kufunga mlango. "Mwanangu," akaniambia, "hiyo picha yako itatuletea msiba."

Nilijitetea. Picha ni nzuri, kila mtu kwenye kundi la familia ameisifia, na wateja wawili wapya wamepiga simu kwa sababu yake. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini usiku nilikaa nayo peke yangu, kama mtu anavyokaa na shairi ambalo ameambiwa halina maana. Nilipoitazama bila kumfikiria shangazi wala sabuni, niliona alichokiona mtoto. Ilikuwa picha ya kinywaji. Nilitaka kujua nani alikiweka kinywaji pale, maana mimi sikukiandika.

Shangazi hutengeneza sabuni uani, hapa Tandika, kwa namna wanawake wengi wa mjini wanavyoitengeneza. Ananunua ungarol, ile malighafi nzito kama asali inayouzwa kwa kilo, anaitia kwenye ndoo pamoja na chumvi na kuikoroga kwa mwiko mkubwa mpaka igeuke nyeupe kama krimu. Ndipo anaongeza maji, kidogo kidogo. Chumvi ndiyo inayoifanya sabuni iwe nzito. Ikizidi, sabuni inarudi kuwa nyepesi kama maji, na hapo hakuna la kufanya zaidi ya kujilaumu. Rangi na manukato huja mwisho, na havisafishi kitu. Ni vya kumfurahisha mnunuzi. Kisha anaifunika ndoo na kuiacha ilale usiku kucha, kwa sababu kukoroga kumeijaza hewa na anasubiri povu lishuke. "Ukijaza povu kwenye chupa," husema, "umeuza nusu chupa."

Ninaieleza kazi hii kwa sababu hakuna hata hatua moja yake iliyoingia kwenye maneno niliyoyaandika. Shangazi aliniomba picha, nami nikaketi kwenye kompyuta ya rafiki yangu iliyowekwa Stable Diffusion, programu inayochora picha kutokana na maelezo ya maandishi, nikaandika hivi:

```
dish soap bottle, bright colors, colorful bubbles,
fresh lemon slices, water drops, spotless white kitchen,
product photography, studio light
```

Niliandika kwa Kiingereza kwa sababu toleo nililotumia lilifunzwa zaidi kwa picha zenye maelezo ya Kiingereza. Maneno yenyewe hayana ugeni wowote: chupa ya sabuni ya vyombo, rangi kali, viputo vya rangirangi, vipande vya ndimu, matone ya maji, jiko jeupe lisilo na doa, upigaji picha wa bidhaa, taa za studio. Ukimwuliza mtu yeyote picha ya sabuni ikoje, atakupa orodha inayokaribiana na hiyo. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Niliandika orodha ya vitu vinavyozunguka sabuni kwenye matangazo, nikasahau kuandika sabuni inafanya nini.

Picha iliyotoka ilikuwa hivi. Chupa angavu, shingo nyembamba, kimiminika cha njano kilichomulikwa kutoka nyuma kikawaka kama jua la jioni. Nje ya chupa, matone madogo ya maji. Ndani, viputo vidogovidogo vimejipanga mistari kuelekea juu. Pembeni, nusu mbili za ndimu na jani la mnanaa ambalo sikuliomba. Nyuma, meza nyeupe na ukuta mweupe ambao hakuna aliyewahi kukaangia samaki karibu yake.

Sasa itazame kama ushahidi. Matone nje ya chupa hutokea pale chupa inapokuwa baridi kuliko hewa, na unyevu wa hewa ukaganda juu yake. Chupa ya sabuni haikai kwenye friji. Kwa hiyo matone yale yanasema neno moja tu: baridi. Viputo vilivyojipanga mistari ni vya soda. Gesi iliyoyeyuka inajitenga kwenye ukuta wa chupa na kupanda bila kukoma. Kwenye sabuni nzito kiputo huning'inia, hupanda polepole kama mzee anayepanda ngazi, au hubaki palepale hadi kesho. Ndimu na mnanaa havihitaji maelezo. Dalili hizi, ukiziweka pamoja, hazina njia ya kusomwa isipokuwa kinywaji cha baridi chenye gesi na ladha ya ndimu. Mtoto hakukosea. Alisoma vizuri kuliko kundi zima la familia.

Ilinichukua muda kuelewa kwa nini mashine iliteleza kwa urahisi hivyo. Matoleo ya mwanzo ya Stable Diffusion, yaliyotolewa mwaka 2022, yalifunzwa kwa mkusanyiko uitwao LAION, mabilioni ya picha zilizookotwa mtandaoni pamoja na maelezo yake, na hatua za mwisho za mafunzo zilitumia sehemu iliyochujwa ibaki na picha ambazo programu nyingine ilikadiria kuwa watu wangeziona nzuri. Picha ya sinki lenye masizi haipiti kwa urahisi kwenye chujio kama hilo. Picha za studio hupita. Na studioni, anayepiga picha ya juisi na anayepiga picha ya sabuni hutumia mbinu zilezile: taa nyuma ya chupa ili kimiminika kiwake, maji ya kupuliza ili kuwe na matone, tunda kando ili kuwe na harufu ya kuonwa kwa macho. Matangazo ya vitu hivi viwili yalishafanana kabla ya kompyuta kuyaona. Neno `soap` lilikuwa moja kwenye maelezo yangu, na maneno yanayovuta upande wa kinywaji yalikuwa mengi. Wengi walishinda.

Mwaka 1957 Mfaransa Roland Barthes alichapisha *Mythologies*, kitabu cha insha fupi kuhusu mambo ya kila siku, na moja kati yake inahusu sabuni za unga na dawa za kusafishia. Anazitaja Persil na Omo, hiyo hiyo Omo ambayo wengi wetu tumeifahamu kwa pakiti ndogo za dukani. Hoja yake kuhusu povu ndiyo iliyonirudisha kwenye bango. Anasema povu huonekana kama anasa, kitu kingi, chepesi, kisicho na faida, na kwamba ushindi wa matangazo ni kuuficha ukali wa sabuni nyuma ya picha ya kitu kitamu, chenye kina na chenye hewa kwa wakati mmoja. Nilipoisoma mara ya kwanza chuoni nilidhani neno tamu pale ni la kishairi. Siku ile uani nililiona likitembea kwa miguu miwili, likinyoosha mkono kuomba.

Ni kweli kwamba povu si kazi ya sabuni. Kinachoondoa mafuta ni chembe za sabuni zenyewe, ambazo upande mmoja hushika mafuta na upande mwingine hushika maji, zikalizunguka tone la mafuta na kulibeba hadi kwenye mfereji. Povu ni hewa iliyonaswa ndani ya utando mwembamba wa maji na sabuni. Linakuambia kuwa bado kuna sabuni ambayo haijachoka, na linapozimika kwenye beseni la vyombo vya pilau unajua mafuta yameishinda. Taarifa hiyo ina manufaa, lakini kusafisha kunaendelea mahali pengine, chini, usipoona. Sabuni za mashine za kufulia zinazofunguliwa mlango kwa mbele hutengenezwa makusudi zitoe povu kidogo, na nguo zinatakata.

Mimi mwenyewe nimezoea kumpima mwoshaji kwa povu, na sidhani niko peke yangu. Kwa hiyo nilipoandika `colorful bubbles` sikuwa nabuni chochote. Nilikuwa nakariri. Na hata kwenye kukariri nilikosea, kwa maana povu la sabuni ya kijani ni jeupe. Rangi imetawanyika katika utando mwembamba mno kiasi kwamba jicho halioni ila weupe wa mwanga uliogongana na viputo vingi. Ukiona picha yenye povu la kijani au la waridi, aliyeiagiza hakuwahi kulitazama beseni lake.

Nilianza kurekebisha. Kosa la kwanza lilikuwa kuandika `no fruit` ndani ya maelezo yaleyale, nikidhani nimekataza matunda. Picha iliyofuata ilikuwa na machungwa. Programu hizi hushika majina ya vitu vizuri kuliko zinavyoshika neno la kukanusha, kwa hiyo ukimtaja mgeni ili asije, umemwita. Mahali pa kukataza ni kisanduku cha pembeni, kinachopokea orodha ya mambo ya kuepukwa, na huko huandiki neno la kukanusha, unataja vitu tu:

```
juice, drink, beverage, fruit, mint, ice,
condensation, fizzy, drinking glass
```

Matunda yakaondoka. Matone yakapungua. Nikashusha pia kipimo kinachoamua programu iyafuate maneno yako kwa ukali kiasi gani. Nilikuwa nimekipandisha hadi 14, na kikiwa juu hivyo rangi huungua na kila kitu hung'aa kama peremende. Kwenye 7 picha ilitulia. Kwa siku moja niliamini nimemaliza.

Lakini nilipomwonyesha shangazi picha mpya, isiyo na ndimu wala matone, aliishika simu mbali na macho yake akasema, "Sasa ni juisi isiyo na ndimu."

Alikuwa na haki, na ilibidi nijiulize ni nini kimebaki. Jiko halina doa. Sufuria haipo. Mkono haupo. Masizi hayapo. Maneno `spotless white kitchen` yalikuwa yamefuta kila kitu ambacho sabuni ingeweza kukigusa. Kilichobaki ni kimiminika cha rangi ndani ya chupa angavu, mahali ambapo hakuna cha kuoshwa. Ukiwekewa kitu kama hicho mbele yako, ni kitendo gani kingine kinawezekana? Hakuna uchafu wa kukipeleka. Kilichobaki ni mdomo. Kinywaji kilikuwa kimeingia kupitia usafi wenyewe, na ndimu ilikuwa imekithibitisha tu.

Hii ndiyo hukumu yangu juu ya aina hii ya picha, na naitoa juu ya kazi yangu kwanza. Picha ya usafi iliyokwisha kufuta uchafu haiwezi kuonyesha kusafisha. Inaonyesha mahali ambapo kazi haikuwahi kuhitajika, kisha inakuuzia bidhaa ya kazi. Na kwa kuwa kazi haimo, bidhaa inageuka kitamu.

Nikaandika upya, safari hii nikianza na mkono:

```
woman's hands, dark brown skin, scrubbing a sooty
aluminium pot with a loofah, white foam, wet concrete
slab, opaque white plastic jerrycan, overcast daylight
```

Rangi ya ngozi niliiandika baada ya kuona kwamba nisipoiandika nilipata mikono ya kizungu yenye kucha za kupakwa rangi, ikilipapasa sufuria kana kwamba ni paka. Taa za studio nikazibadilisha na mwanga wa mawingu, ambao hauwashi chochote. Dumu nikalitaka jeupe, lisilopenya mwanga, ili kimiminika kisionekane kabisa.

Programu iliweza mengi kati ya hayo, isipokuwa nililolitaka zaidi. Nilitaka sufuria ambayo nusu yake imeshatakata na nusu bado ina masizi, kwa sababu kwenye mpaka ule ndipo sabuni inapoonekana ikifanya kazi. Kila nilipoandika nusu, nilipata sufuria yote chafu au yote inang'aa, au madoa meusi yaliyosambazwa sawasawa kama mapambo. Haishangazi. Picha nyingi mtandaoni ni za kabla au za baada. Katikati watu wana mikono yenye povu na hawashiki kamera. Mwishowe nilifanya kwa hatua mbili: nikatengeneza sufuria inayong'aa, kisha nikaziba nusu yake kwa brashi ya programu na kuagiza masizi yachorwe kwenye sehemu ile tu. Mkono wa kushoto ulikuja na vidole sita; nikauziba na kuuagiza tena mara nne. Lebo niliiacha tupu, maana herufi zilitoka kama maandishi ya ndotoni, nikaandika jina la sabuni baadaye kwa programu ya kawaida ya kupangia maandishi.

Nilimpelekea shangazi Jumatano jioni. "Shikamoo shangazi." "Marahaba, mwanangu. Lete nione." Akaitazama. Akaikuza kwa vidole viwili, akafika kwenye mpaka wa masizi, akanyamaza. Kisha akasema dodoki limeshikwa vibaya, mtu akikwangua hivyo ataumia kifundo cha mkono. Lakini sabuni, akasema, hiyo sasa ni sabuni.

Nilidhani hapo ndipo insha hii ingeishia. Nikamwomba chupa moja niipige picha pamoja na bango jipya. Akanipa ileile ya maji ya kunywa, angavu, imejaa kimiminika cha njano, bila lebo. Nikaiinua kwenye mwanga wa jioni ikawaka. Ilikuwa picha yangu ya kwanza, bila kompyuta.

Kwa siku kadhaa nilikuwa nimeituhumu mashine kwa kuchanganya sabuni na kinywaji. Sisi tulishavichanganya. Tumeitia sabuni kwenye chupa ambayo kila mtoto wa uani huu amefundishwa kuwa ni ya kunywa, tukaipa rangi ya stafeli na harufu ya ndimu, tukaiweka sakafuni kwenye kimo chake. Na kwa sabuni, hatari kubwa haianzii tumboni. Iko kwenye povu lilelile ninalolisifu: mtoto akimeza kisha akatapika, povu hupanda na linaweza kuingia kwenye njia ya hewa hadi mapafuni. Ndiyo maana hatapishwi. Husuuzwa mdomo, hupelekwa kituo cha afya, na chupa hupelekwa pamoja naye ili mganga ajue ni nini kimenywewa. Chupa isiyo na lebo haimwambii mganga kitu.

Nilimweleza shangazi hayo. Alinisikiliza akiwa anakoroga, hakusimamisha mwiko. Madumu meupe ya lita moja yanapatikana, alisema, lakini yanakula faida yote ya wiki, na wateja wanapenda kuiona rangi. Dumu jeupe wanadhani umeficha sabuni nyepesi. Sikuwa na jibu la hilo la pili. Wateja wanataka kuona rangi kwa sababu wamezoeshwa na picha kama niliyoitengeneza mwanzo.

Tulikubaliana nusu. Wateja wa rejareja wanaokuja na chupa zao wataendelea kujaziwa, ila hakuna chupa itakayotoka uani bila karatasi iliyogundishwa yenye neno SABUNI kwa herufi kubwa na mchoro wa sufuria, kwa ajili ya wasiosoma. Za kuuzwa dukani zitaingia kwenye madumu meupe, kumi kumi, kadiri mfuko utakavyoruhusu. Na rafu ya stoo imepandishwa juu ya kichwa changu.

Bango jipya lipo mlangoni sasa. Jumapili mtoto alipita tena, akasimama, akatazama sufuria, mikono, masizi. Nilisubiri uhakiki wake.

"Bibi anaosha," akasema, kisha akaenda zake kucheza.